Kalori Mia Tano za Ziada: Wapi Utazipata kwa Bei Nafuu

Muuza virutubisho wa mjini ana sentensi yake anayoijua kwa moyo: "Kaka, kopo moja tu hili, mwezi hauishi umejaa." Kopo lenyewe lina kilo tatu za unga, limechorwa kifua kilichotuna, na bei yake inaweza kulipa kodi ya chumba kimoja uswahilini kwa miezi kadhaa. Mnunuzi mwembamba aliyechoka kutaniwa anaingiza mkono mfukoni.

Subiri kidogo. Kwanza tujue unanunua nini.

Mtu mwembamba anayetaka misuli, si kitambi, ananunua vitu viwili. Cha kwanza ni kalori za ziada, kama 300 hadi 500 kwa siku juu ya zile ambazo mwili wake unazichoma. Cha pili ni protini ya kutosha kujengea. Mazoezi ya kubeba uzito ndiyo yanayoamua vitu hivyo viende wapi. Bila mazoezi, chakula cha ziada kinageuka mafuta na kukaa kiunoni. Hakuna kingine cha lazima kwenye orodha, na ndiyo maana swali la maana dukani ni moja: kalori 500 za ziada, zenye protini ndani yake, zinapatikana wapi kwa pesa kidogo na bila kukushinda kula?

Hilo la kukushinda kula nalitilia mkazo. Kwa watu wengine bei ndiyo kipimo peke yake. Kwa kimbaombao, tumbo nalo lina bajeti. Akishiba mapema ndiyo basi, hata chakula kiwe cha bure. Kwa hiyo kila kitu hapa nimekipima mara mbili, kwa shilingi na kwa nafasi kinayochukua tumboni. Bei ni za kupigia hesabu, za kukadiria kwa masoko ya Dar es Salaam. Kama kwenu ni tofauti, badilisha tarakimu, hesabu yenyewe ni ileile.

Tumchukue kijana mwenye kilo 55 anayeshinda amesimama dukani. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie, usiku ugali kwa dagaa au mboga. Protini yake kwa siku inacheza kwenye gramu 50 na kidogo. Anahitaji ngapi? Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 49 ya watu wanaonyanyua vyuma, ukaonyesha kwamba faida ya kuongeza protini inafikia ukomo kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 55 hiyo ni gramu 88. Pengo lake ni gramu 35 tu. Anayekuambia ule gramu 200 ana kopo la kuuza.

Kuna jambo moja la kulimaliza kabla ya kwenda sokoni. Wembamba wengi huapa kwamba wanakula sana ila hawanenepi. Wengine wanakosea hesabu: wanakula sana Jumamosi harusini, halafu siku tatu zinazofuata wanaishi kwa chai. Lakini wengine wanasema kweli. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Baadhi yao miili ilijibu kwa kuhangaika tu: kusimama, kutembeatembea, kutikisa miguu, kutotulia kitini. Aliyezidi wote alichoma karibu kalori 700 zaidi kwa siku kwa namna hiyo, bila kufanya zoezi lolote. Kama wewe ni wa aina hiyo, kalori 300 za ziada zitapotea hewani. Hiyo haimaanishi kwamba una laana au damu ya kipekee. Maana yake utanunua zaidi kidogo kuliko jirani yako, na hapo bei ya kila kalori inakuwa jambo zito zaidi kwako.

Tuanze na bingwa. Karanga mbichi, kwa Sh 5,000 kilo, zinakupa kalori 500 kwa gramu 90 tu, yaani Sh 450. Ndani yake kuna gramu 22 hivi za protini. Gramu 90 ni makonzi mawili madogo, hazijazi tumbo kama sahani ya wali. Hakuna kitu chenye protini sokoni kinachozishinda kwa vipimo vyote viwili kwa pamoja.

Ila angalia unavyozinunua. Ile pakiti ya Sh 500 ya karanga za kukaanga stendi ukiiweka kwenye mizani ikatoa gramu 40, umenunua kilo kwa Sh 12,500. Umelipa zaidi ya mara mbili kwa ajili ya chumvi, moto na kijifuko cha nailoni. Siagi ya karanga ya kwenye chupa nayo soma ubavuni: nyingine zimeongezwa sukari na mafuta ya bei rahisi, na bado zinauzwa ghali kuliko karanga zenyewe. Nunua kilo mbichi, kaanga nyumbani, peleka mashineni zisagwe au twanga kwenye kinu. Usisage za mwezi mzima. Karanga zilizosagwa huvunda kwa joto la Dar. Ukisikia harufu kama ya rangi ya mafuta na ladha chungu mwishoni mwa ulimi, zimeshaharibika. Saga za wiki moja, zilizobaki ziache nzima mahali pakavu.

Gharama iliyofichika kwenye karanga ni sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya, na haiondoki kwa kukaanga wala kupika. Tanzania tunaijua: mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Mtu anayekula karanga kila siku ana sababu ya kuchagua kuliko anayetafuna mara moja kwa mwezi. Chambua. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye vumbi la kijani tupa, na usiwape hata kuku. Karanga zilizosagwa tayari za bei ya kutupa sokoni ziache zilivyo, maana huwezi kuona kilichosagwa ndani yake. Unga wa lishe uliochanganywa mahindi, soya na karanga una tatizo hilohilo: unanunua usichokiona. Ukiutaka, nunua nafaka zako mwenyewe na usimame pale mashineni.

Mafuta ya kupikia ndiyo kalori rahisi kuliko zote. Vijiko vinne vya chakula vina kalori karibu 500, na kwa Sh 6,000 lita hiyo ni kama Sh 360. Protini hakuna hata chembe, na ukiyazidisha yatakuendesha. Matumizi yake ni kuongezea: kijiko kimoja juu ya maharage yaliyokwisha kuiva, kingine kwenye uji. Hicho kijiko kina kalori 120 na tumbo halijui kama kimeingia.

Maziwa ni ghali zaidi, lakini yana kitu ambacho karanga hazina: yananyweka. Mtu aliyeshiba hawezi kutafuna, ila kikombe cha maziwa anaweza kukishusha, na vinywaji havishibishi kwa muda mrefu kama chakula cha kutafuna. Kwa mwenye shida ya kula, hiyo peke yake ina thamani ya pesa. Lita moja ya maziwa yasiyotolewa mafuta ina kalori 600 na zaidi kidogo, na protini gramu 32 hivi. Kwa Sh 2,500 lita, kalori 500 zinakugharimu Sh 2,000.

Kwenye maziwa pesa hupotea kwa njia tatu. Ya kwanza ni maji: maziwa ya kupimiwa ya mchuuzi yakiwa mepesi, yakichemka yasitoe utando wa maana juu, unalipia bomba. Ya pili ni kutokuwa na friji, maana nusu lita iliyochachuka mchana ni Sh 1,250 zilizomwagika. Asiye na friji anunue kila siku kidogo, au anunue mtindi. Ya tatu ni vipakiti vidogo vya maziwa ya unga. Pigia hesabu bei kwa gramu, si kwa pakiti, ndipo utaona mfuko wa gramu 500 unavyovishinda. Halafu kuna tumbo lenyewe. Watu wazima wengi wa kwetu hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na matokeo yake ni gesi na kuhara. Anza na nusu kikombe. Tumbo likinguruma, hamia kwenye mtindi, ambao bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Tumbo likiukataa nao, achana na maziwa. Nitakupa njia nyingine mbele kidogo.

Mayai yana sifa kubwa kuliko uwezo wake. Yai moja lina kalori 70 tu na protini gramu 6. Kalori 500 ni mayai saba, Sh 2,450 kama moja ni Sh 350, na nani atakula mayai saba kila siku? Yatumie kwa protini, mawili kwa siku, si kwa kalori. Na tafadhali yapike. Ile tabia ya kupasua mayai mabichi kwenye maziwa au kwenye supu iliyopoa inakula pesa yako: jaribio la Ubelgiji la mwaka 1998 lilionyesha kwamba mwili hufyonza asilimia 90 hivi ya protini ya yai lililopikwa, lakini ya yai bichi asilimia 50 tu. Kati ya mayai mawili mabichi, moja umelitupa. Kuhara kwa vijidudu ni nyongeza ya bure.

Maharage na wali ni rahisi kwa shilingi, kama Sh 500 kwa kalori 500, na maharage yana protini nzuri. Lakini gramu 150 za maharage makavu zikiiva zinakuwa sahani iliyojaa. Kwa mtu anayepunguza uzito hiyo ni baraka. Kwako wewe ndiyo ukuta unaogonga kila mchana. Yaendelee kuwa chakula chako cha kawaida, ila usiyategemee kwa zile kalori za ziada. Dagaa waliokauka ni habari nyingine: karibu nusu ya uzito wao ni protini, na konzi moja la gramu 30 ndani ya mchuzi linakupa gramu 15 hivi. Kwa Sh 12,000 kilo, hiyo ni Sh 360. Wapeleke jikoni wakiwa wakavu kweli. Dagaa wenye unyevu wanakuuzia maji na mchanga.

Sasa turudi kwa yule muuzaji na kopo lake.

Unga wa kuongeza uzito, tuseme Sh 220,000 kwa kilo tatu. Geuza kopo usome nyuma. Kipimo kimoja mara nyingi ni zaidi ya gramu 300, na kinakupa kalori zipatazo 1,250. Gawanya: kopo zima lina vipimo tisa. Ukifuata maelekezo, "mwezi" wa muuzaji unaisha siku ya tisa. Ukijibana, ukachukua kalori 500 tu kwa siku, linafika siku 22, na kila siku imekugharimu Sh 10,000. Kiambato cha kwanza kwenye orodha kwa kawaida ni maltodekstrini, wanga uliovunjwavunjwa unaosagika haraka kama sukari. Yaani umelipia wanga wa mahindi kwa bei ya nyama. Chunguza pia kama namba kubwa ya protini pale mbele imeandikiwa "ukichanganya na maziwa". Kama ndivyo, sehemu ya protini hiyo utainunua wewe mwenyewe kwa muuza maziwa.

Unga wa protini ya maziwa si utapeli, ila ni jibu la swali ambalo si lako. Kipimo cha gramu 30 kina protini 24 au 25, lakini kalori 120 tu. Kopo la kilo mbili kwa Sh 250,000 lina vipimo 66, kila kimoja karibu Sh 3,800. Protini hiyohiyo gramu 25 inapatikana kwa mayai manne ya Sh 1,400, au dagaa wa Sh 600. Unga huu unamfaa mtu ambaye hana muda wala jiko, anayekula ofisini na pesa si tatizo. Kama ni wewe, nunua kopo lililofungwa, lenye tarehe ya mwisho na namba ya toleo inayosomeka, na muhuri wa ndani ukiwa haujaguswa. Wanaokupimia kijiko kwa kijiko kutoka kopo lililofunguliwa wapishe. Hujui kilichomo, na ukiumwa huna wa kumrudishia.

Kreatini ndicho kitu pekee cha kopo ninachokipigia kura, na bado kinakaa nyuma ya chakula. Inasaidia kuongeza rudio moja au mawili ya mwisho unaponyanyua, na utafiti wake ni wa miaka mingi. Chagua kreatini monohidrati ya kawaida isiyo na ladha. Zile za majina marefu ni bei tu iliyorefushwa. Kopo la gramu 300 kwa gramu 3 kwa siku linakwenda siku 100. Muuzaji atakwambia uanze na gramu 20 kwa siku wiki ya kwanza. Ukifanya hivyo umemaliza karibu nusu ya kopo ndani ya siku saba, wakati gramu 3 kwa siku zinakufikisha palepale baada ya wiki nne hivi. Jua pia kwamba kilo moja au mbili utakazoongeza mwanzoni ni maji. Mwenye tatizo la figo asiiguse bila daktari.

Kuna bidhaa moja nataka uikatae papo hapo, nayo ni vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kimyakimya, vingine vikiwa vimetolewa kwenye pakiti zake na kufungwa kwenye karatasi. Mara nyingi ni deksamethasoni au siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Dereva wa bodaboda akiimeza anacheza na roho yake na ya abiria. Ya kwanza ni mbaya zaidi. Inavimbisha uso na kujaza maji na mafuta, watu wanakusifia umenawiri, kumbe misuli yenyewe inaliwa, kwa sababu dawa za kundi hilo huvunja protini ya misuli. Inapandisha sukari na shinikizo la damu. Na ukiimeza kwa wiki kadhaa kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kukosa homoni yake ya asili na ukaanguka. Ni rahisi kuliko kitu chochote nilichotaja hapa, na ni hasara kuliko vyote.

Basi kijana wetu wa kilo 55 anunue nini? Mimi ningemtengenezea kinywaji. Nusu lita ya maziwa, vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa vya karanga zilizosagwa laini, na ndizi mbivu moja iliyopondwa. Mashine ya kusagia matunda si lazima. Ponda ndizi kwa uma, tia kila kitu kwenye chupa yenye mdomo mpana, tikisa. Humo kuna kalori karibu 690 na protini gramu 29. Maziwa Sh 1,250, karanga Sh 250, ndizi Sh 200: jumla Sh 1,700.

Asinywe yote kwa mkupuo. Nusu anywe saa nne asubuhi, nusu nyingine kabla ya kulala. Na kamwe asinywe nusu saa kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu hapo kinywaji kitaua wali, na atakuwa amebadilisha chakula badala ya kuongeza. Hili ndilo kosa linalowafanya wengi waseme "nilijaribu, haikusaidia". Soda na chai nyingi kabla ya kula vina kosa hilohilo.

Juu ya hapo mayai mawili ya kuchemsha asubuhi, Sh 700. Sasa ana gramu 41 za protini mpya, pengo limezibwa na chenji imebaki. Jumla ni Sh 2,400 kwa siku, Sh 72,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni kalori 830, zaidi ya 500 tulizotaka. Ni makusudi, maana bila kujua atapunguza kidogo kwenye ugali wa usiku, na mwili wake utahangaika kidogo zaidi.

Asiyeweza Sh 72,000, au aliyekataliwa na maziwa, apike uji wa karanga: gramu 50 za unga wa mahindi au ulezi, konzi la karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta na kijiko cha sukari. Kalori zinazidi 600, gharama haifiki Sh 600 ukiacha moto wa kupikia. Protini ni gramu 16 tu, kwa hiyo dagaa wa gramu 30 waongezwe kwenye mchuzi wa usiku. Jumla kwa mwezi haifiki Sh 30,000. Kasoro yake ni uvivu: uji wa kila siku unachosha, unataka jiko asubuhi, na ukipoa unaganda. Upike mwepesi kiasi cha kunyweka, uweke kwenye chupa ya chai, uende nao kazini.

Mahali pa mazoezi napo pana hesabu yake. Jimu ya mtaani yenye vyuma vya kuchomelea na benchi lililochakaa inafanya kazi ileile kama yenye kiyoyozi. Misuli haijui chuma kimetoka wapi. Kabla hujalipia mwezi, uliza bei ya siku. Kama siku ni Sh 2,000 na mwezi ni Sh 30,000, na wewe utakwenda mara tatu kwa wiki, utatumia Sh 26,000. Kulipa kwa siku ni rahisi zaidi, na wiki ukiugua hulipi. Jimu za mjini uliza ada ya kujiandikisha, kadi, kabati la nguo, kama mwalimu yumo ndani ya bei, na kama mkataba ni wa miezi mitatu isiyorudishwa. Kisha ongeza nauli ya kwenda na kurudi mara 13 kwa mwezi, ambayo wengi huisahau hadi mfuko unapowakumbusha.

Nyumbani inawezekana, kwa muda. Kopo la rangi la lita nne lililojazwa zege lina uzito wa karibu kilo 10. Mawili na bomba katikati ni chuma cha kilo 20 kwa bei ya saruji kidogo. Shida yake ni kwamba kilo 20 zitabaki kuwa kilo 20, na misuli hukua kwa kuongezewa mzigo. Begi la mgongoni lenye vifuko vya mchanga ni bora zaidi kwa sababu unaongeza kifuko kimoja kimoja: chuchumaa nalo, piga pushapu nalo, jivute kwenye bomba nalo. Siku tatu kwa wiki, mwili mzima, seti tatu za kila zoezi, ukiacha pale ambapo yamebaki marudio mawili hivi ushindwe. Ukiweza marudio 12 kwa seti zote, ongeza uzito. Miezi minne ya namna hiyo inatosha kabla hujahitaji kulipia chuma cha mtu.

Kupima maendeleo ni karibu bure. Tumia mizani ileile, hata kama ni ya yule kijana wa kando ya barabara anayepima kwa mia mbili mia tatu. Mizani mbili tofauti zinaweza kupishana kilo nzima. Nenda asubuhi moja kila wiki, kabla hujala, na nguo zilezile. Chukua pia futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu na mkono wa juu. Kwa anayeanza mwenye kilo 55, kilo moja hivi kwa mwezi ni mwendo mzuri. Wiki mbili mizani ikigoma, ongeza kijiko cha karanga na kijiko cha mafuta, kalori 200 na ushee, usinunue kopo. Kiuno kikikimbia kuliko mkono, punguza mafuta na uangalie kama kweli unaongeza uzito mazoezini au unapiga picha tu.

Kwa hiyo mwenye Sh 30,000 mwezi huu achukue uji wa karanga, dagaa na begi la mchanga. Mwenye Sh 100,000 achukue maziwa, karanga, mayai na jimu ya mtaani ya kulipa kwa siku, bajeti itamtosha. Mwenye zaidi ya hapo aongeze kreatini ya kawaida, kisha ale nyama au samaki mara nyingi zaidi. Unga wa kuongeza uzito ubaki rafuni.

Hayo yote ni kwa aliyezaliwa mwembamba na amekuwa hivyo miaka yote. Kama nguo zimeanza kukupwaya miezi hii ya karibuni bila sababu, unakohoa wiki mbili zimepita, unatoka jasho usiku, au unakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, usinunue hata karanga kwanza. Nenda kituo cha afya ukapimwe kifua kikuu, sukari na virusi vya Ukimwi. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali Tanzania ni bure.